UZI: Mpira wa kengele unanyamaza vumbini. Darasa la watoto 54, wawili hawaoni, mmoja ana uoni hafifu. Tunachezaje?

Mwl_wa_Nne_B
Habari zenu wadau. Nafundisha darasa la nne, shule ya msingi huku wilaya ya Chamwino. Darasa lina watoto 54. Wawili hawaoni kabisa, msichana na mvulana. Wa tatu ana ualbino na uoni hafifu, ubaoni mpaka asogee karibu kabisa ndipo asome.

Masomo ya darasani tunakwenda vizuri. Kinachoniumiza ni kipindi cha michezo. Tulipewa mpira wa kengele, ukiutikisa ofisini unalia hadi raha. Tukitoka nao uwanjani unaviringika hatua chache, unaingia kwenye vumbi laini, unanyamaza. Hapo watoto hamsini wanaanza kumwelekeza yule binti: "Kulia! Nyuma! Hapo hapo!" Anageuka huku na huku, hasikii tena chochote zaidi ya kelele za wenzake. Mwisho mmoja anauokota mpira anamwekea mikononi, darasa zima linapiga makofi.

Makofi yale siyapendi. Hajacheza, amepewa.

Nataka michezo ambayo wote 54 wanaingia na hawa watatu wanaushika mpira kwa akili na masikio yao wenyewe. Mwenye uzoefu anisaidie. Uwanja wetu ni wa udongo, na upepo wa huku mnaujua.

Mtoto_wa_Area_D
Mwalimu, hilo jepesi. Chukua mpira wowote wa kawaida, uvalishe mfuko wa plastiki, funga. Ukiviringika unachakarisha, sauti tosha. Halafu kata khanga moja vipande kumi, wafunge macho wote wanaoona, wakimaliza wanawapa wengine. Sasa wote wako sawa, hakuna wa kumwonea mwenzake. Nilifanya hivyo nikiwa mazoezini chuo cha ualimu.

Kocha_Jamhuri
Hongera sana mwalimu. Ushauri wangu anza kuandaa timu mapema. Soka la wasioona ni watano kila upande, uwanja mita 40 kwa 20, pembeni kunawekwa vibao ili mpira usitoke. Kipa ndiye pekee anayeona, na kuna mwongozaji anasimama nyuma ya goli la wapinzani anawaita washambuliaji. Mchezaji akiufuata mpira lazima apaze sauti "voi!" ili wasigongane. Lipo kwenye Michezo ya Paralimpiki tangu Athens 2004. Ukipata watoto watano tu wasioona una timu.

Mwl_wa_Nne_B
Asante Kocha, ila sina watano. Ninao wawili na nusu, na hao wengine hamsini na moja ni wanafunzi wangu vilevile. Sitafuti timu, natafuta kipindi cha dakika 40.

Kengele_na_Njuga
Mwalimu, salamu. Nimefundisha elimu maalumu mkoa huu mpaka nikastaafu, na mpira wa goli, ule wa watatu kila upande wanaoviringishiana mpira wa kengele wakiwa wamefungwa macho, nimewachezesha watoto miaka mingi. Nitakujibu taratibu maana swali lako lina mambo mawili tofauti: mpira kunyamaza, na watu kutonyamaza.

Tuanze na mpira. Kengele ya ndani hulia pale mwendo wa mpira unapobadilika, yaani unaporuka, unapogonga, unapoviringika kwa kutikisika. Ukiteleza polepole kwenye vumbi laini kengele inakaa chini tu, hailii. Ukisimama ndiyo kabisa, ni jiwe. Kwa hiyo mpira wa kengele si mpira unaolia muda wote, ni mpira unaolia ukiwa na kasi juu ya kitu kigumu. Mpira wa goli ulibuniwa 1946 kwa ajili ya askari waliopoteza macho vitani, na huchezwa kwenye sakafu laini ngumu, ndani ya jengo. Wewe umeuleta kwenye vumbi la Chamwino, lazima ugome.

Kwa hiyo usihangaike kutafuta mpira wenye kelele zaidi kabla hujatafuta ardhi. Zunguka shule yako. Kuna varanda? Kuna sakafu ya saruji ya darasa lisilotumika? Kama hakuna, tafuta pale ambapo watoto hupita kila siku hadi udongo ukashindiliwa, mara nyingi ni mahali pa paredi ya asubuhi. Mwagia maji jioni, fagia asubuhi. Piga mpira pale, fumba macho, usikilize mwenyewe ukiwa mita kumi. Usipousikia wewe, mtoto naye hausikii.

Darasa la saruji lina tatizo lake: kuta tupu na bati vinarudisha sauti, mtoto anasikia mpira unatokea pande mbili. Fungua madirisha na milango yote, acha madawati yamepangwa kando ya kuta. Mvua ikianza kupiga bati, acheni, hakuna mchezo hapo.

Mtoto_wa_Area_D
Mzee umeusahau mfuko wa plastiki. Huo unachakarisha hata kwenye vumbi.

Kengele_na_Njuga
Sijausahau, kijana wangu. Kwenye hilo uko sahihi kwa sehemu: kitu kinachochakarisha kwa nje hulia hata mwendo ukiwa mdogo, na sauti ya kuchakarisha sikio hulitambua linakotoka kwa urahisi kuliko mlio mmoja mwembamba. Lakini mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, mwalimu hawezi kumwambia mtoto alete. Vifungashio vya mkate vipo, ila vinachanika kabla kipindi hakijaisha. Mimi hutumia kipande cha salfeti ya mahindi, kinafungwa mpira kwa ndani kama kifurushi, mdomo unashonwa. Kinachakaa taratibu.

La khanga moja kuzunguka machoni pa watoto wote, hapana. Nakuomba sana mwalimu usilifanye hilo. Mkoa wetu unajua trakoma, Kongwa na Chamwino wanaijua vizuri zaidi. Inaambukizwa kwa vidole, nzi na vitambaa vinavyogusa macho ya mtoto mmoja kisha mwingine. Kila mtoto alete kitambaa chake kutoka nyumbani, kiwe na alama yake, kifuliwe nyumbani. Asiye nacho siku hiyo anafanya kazi nyingine, na kazi zipo.

Fundi_Sabasaba
Mimi ni fundi viatu hapa Sabasaba, sijui mambo ya shule ila mipira ya kengele nimeshawashonea watu. Leteni mpira wa kikapu wa zamani, ule wa mpira mzito, hata kama haushiki upepo. Nachana karibu na pale pa kujazia, sentimita tano hivi, tunatia njuga ndogo tatu au nne, nashona kwa uzi wa nailoni uliopakwa nta. Halafu natoboa matundu machache kuzunguka ili sauti itoke. Watu wengi wanasahau matundu, mpira unalia kama umefunikwa blanketi. Na msijaze matambara ndani ili uwe mgumu, mtaua sauti yote. Visoda navyo vinafaa ila vina makali, vikunjwe kwanza, la sivyo vinakata mshono kwa ndani.

Kengele_na_Njuga
Fundi amesema kweli, na kuna faida nyingine. Mpira rasmi wa goli una kilo 1.25, ni mzito kwa mtoto wa miaka kumi kuupokea kwa tumbo. Wa fundi utakuwa na nusu ya hapo au zaidi kidogo.

Mama_Kondoa
Jamani samahani naingilia. Mwanangu ana ualbino, yuko darasa la tano. Shule yao nao wanafunga watoto vitambaa. Yeye analia, anasema kidogo anachokiona ndicho wanamfunga. Mwalimu anamwambia ni sheria. Ni kweli ni sheria?

Kengele_na_Njuga
Mama, kwenye mashindano ya mpira wa goli wote huvaa, hata wenye uoni hafifu, ili anayeona kidogo asiwe na faida. Hiyo ni sheria ya mashindano. Darasani mwalimu ana uhuru. Wapo watoto wenye ualbino wanaokipenda kitambaa kwa sababu jua linawaumiza macho, wapo wasiokitaka kabisa. Mimi humuuliza mtoto mwenyewe. Asipotaka, anakuwa mwamuzi wa mstari au anacheza ule mchezo wa pili nitakaoueleza, usiohitaji kufunga macho. Ila kofia pana, mikono mirefu, na kipindi kiwe asubuhi, hayo si ya kumuuliza.

Kocha_Jamhuri
Hapo sikubaliani na wewe mzee. Ukimwacha mmoja bila kitambaa wenzake watasema anaibia. Sheria iwe moja kwa wote.

Kengele_na_Njuga
Ndiyo maana nimesema asiyevaa hachezi nafasi ile ile. Ila najua walimu wazuri wanaofanya kama unavyosema, Kocha.

Sasa mwalimu, mchezo wa kwanza, huo mpira wa goli. Pima mita 12 urefu na mita 6 upana. Mita 9 za upana ni za watu wazima. Mtoto wa darasa la nne akilala ubavu na kunyoosha mikono anaziba kama mita moja na nusu au zaidi kidogo, kwa hiyo watatu wanaziba mita tano hivi. Inabaki nafasi ya kufunga goli lakini si ya kukatisha tamaa.

Kila upande weka mikeka mitatu. Mkeka ndio siri yenyewe kwa uwanja wetu. Kwanza, mtoto hawezi kujitupa kwenye mbigili, na hata ukifagia vipi mbigili mbili tatu hubaki. Pili, ukingo wa mkeka unamwambia yuko wapi. Anapapasa ukindu kwa kisigino, anajua mbele ni wapi na nyuma ni wapi bila kuuliza mtu. Wa katikati msogeze mbele nusu mita ili wakilala wasigongane vichwa. Nyuma ya mikeka tandaza kamba ya katani, ikazwe kwa vigingi viwili, huo ndio mstari wa goli. Vigingi uvizamishe mpaka vilingane na ardhi.

Mrushaji anaviringisha kutoka mkekani kwake na mpira lazima uguse ardhi kabla ya nusu ya uwanja. Mpira wa juu hausikiki, huo ni kosa. Ukifia katikati, mwamuzi anasema "Umekufa", anaupeleka kwa upande uliokuwa unazuia. Na namna ya kuupeleka ni muhimu kwako: usimwekee mikononi. Gonga mpira chini mara mbili karibu naye, ausikie, aufuate yeye.

Kuzuia: anapiga magoti, mikono mbele, anasikiliza, ndipo analala ubavu, kichwa kimerudi nyuma, mikono imekinga uso. Mpira ukija moja kwa moja mbele yake masikio yote mawili yanapata sauti sawa na anaweza kuchanganyikiwa. Mfundishe kugeuza kichwa kidogo tu, ataupata.

Kabla ya yote hayo ulizia wazazi. Mtoto aliyefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, mwenye presha ya macho, au anayevaa miwani mikali ya kuona mbali, asijitupe chini wala asipigwe kichwani mpaka kliniki ya macho iseme. Huyo atacheza akiwa ameketi, mpira unapokelewa kwa miguu na mikono.

Mwl_wa_Nne_B
Shikamoo mzee wangu. Nimenakili yote. Maswali mawili. Hao 48 waliobaki nje wanafanya nini? Na upepo? Kuanzia saa nne huku huwezi hata kumsikia mtu aliye upande wa pili wa uwanja.

Kengele_na_Njuga
Marahaba mwanangu.

Watoto hawanyamazi kwa kuambiwa, wananyamaza wakiwa na kazi. Gawa darasa viwanja viwili, hao tayari ni 12. Kila nyuma ya goli weka wanne wa kuzuia mpira usiende mbali. Wengine wanahesabu: kila mpira uliozuiwa na upande gani, wanaandika. Mwamuzi anasema "Kimya", anahesabu moyoni hadi tatu, anasema "Cheza". Kushangilia kunaruhusiwa baada ya filimbi tu, na hapo waachie washangilie kweli. Zamu zibadilike kila baada ya mirusho sita kwa kila upande. Viwanja viwili visikae karibu, tenganisha kwa jengo ukiweza, maana kengele mbili ni balaa.

Upepo: cheza kipindi cha kwanza au cha pili, na kaa upande wa jengo uliokingwa. Uwanja ulale kaskazini na kusini, ili upepo wetu unaotoka mashariki uwapige wote ubavuni.

Fundi_Sabasaba
Lakini mzee, ubavuni si ina maana sikio moja linajaa upepo kila wakati? Mimi nikiwa kwenye pikipiki upande wa upepo sisikii kitu.

Kengele_na_Njuga
Ni kweli, na wapo wanaopanga uwanja ufuate upepo kisha wanabadilisha pande katikati ya mchezo. Mimi sijaona njia moja ikiishinda nyingine. Mwalimu ajaribu zote.

Mtoto_wa_Area_D
Swali. Wale wanaoona si watachungulia chini ya kitambaa, pembeni ya pua? Utajuaje?

Kengele_na_Njuga
Swali zuri. Anayechungulia huinua kidevu. Anayesikiliza huinamisha kichwa au hukigeuza upande. Na mikono ya mchunguliaji huenda kabla mpira haujalia. Weka pamba kidogo chini ya kitambaa pembeni ya pua, pamba ya mtoto huyo tu, itupwe baada ya mchezo.

Sasa mchezo wa pili, usiofunga mtu macho. Wote mnaijua rede: wawili wanarusha, walio katikati wanakwepa. Ibadilishe hivi. Mpira unaviringishwa chini, haurushwi. Warushaji wako mita nane kutoka kwa mwenzake, kila mmoja kwenye mkeka. Anayekaa katikati anayeona avae njuga za ngoma mguuni, zile za kwenu Wagogo hazikosekani. Sasa binti yako asiyeona akiwa mrushaji anasikia njuga ziko wapi, analenga mwenyewe. Na yule wa katikati hawezi kusimama kimya kama mti, kila baada ya kuhesabu tano lazima apige mguu.

Zamu ya binti kuwa katikati, njuga zivuliwe. Wengi wanamwachia, halafu wanashangaa kwa nini anapigwa kila mara. Njuga za mguuni mwake zinaufunika mpira. Wanaomrushia wanamwona, hawahitaji njuga. Mrushaji anaita jina lake, anasubiri ajibu, ndipo anaviringisha. Yeye anausikia, anauruka au anasogea pembeni. Mtoto mwenye ualbino anacheza huu bila kitambaa, na mpira ufungwe salfeti nyeupe au njano uonekane kwenye udongo wetu mwekundu.

Mama_Kondoa
Hii ya rede nampelekea mwalimu wake kesho asubuhi. Asante baba.

Mwl_wa_Nne_B
Wadau narudi na mrejesho. Tumecheza asubuhi na mapema mahali pa paredi, tulipomwagia maji jana yake. Mikeka tumeazima kwa wazazi.

Mpira wa goli umeenda vizuri kuliko nilivyotarajia kwa yule mvulana. Alizuia mipira minne, na mmoja ulimpita kwa sababu ulitua kwenye kishimo ukanyamaza. Binti alikuwa mzito kulala chini, nafikiri anaogopa, nimemwacha azuie akiwa ameketi. Lakini kwenye rede alimpiga kwa mpira mwenzake mwenye njuga mara mbili mfululizo, na yule aliyepigwa alibishana naye kabisa kwamba mpira haukumgusa! Wakagombana mpaka mwamuzi akaingilia. Nilifurahi mno. Hakuna aliyepiga makofi ya huruma.

Tatizo lililobaki: wale wanaoona wakifungwa vitambaa wanarusha hovyo, mpira unakwenda pembeni. Mvulana wangu anakaa muda mrefu bila kazi.

Kengele_na_Njuga
Hiyo ni kawaida mwanzoni, wanaoona wakifungwa macho hupoteza mwelekeo haraka kuliko wasioona. Weka kipande cha kamba chini ya mkeka wa kila mrushaji, kielekee mbele moja kwa moja, akikanyage kwa mguu wa nyuma kabla ya kurusha. Na mwenzake wa katikati upande wa pili agonge ardhi mara mbili kumwita.

Kocha_Jamhuri
Mwalimu, huyo mvulana aliyezuia minne, kwenye UMITASHUMTA kuna mpira wa goli. Usinikatalie tena.

Mwl_wa_Nne_B
Hahaha Kocha, sikukatalii. Niulize muhula ujao. Kwanza nimtafute Fundi, mshono wa mpira wetu umeanza kuachia. Fundi, unafungua saa ngapi Jumamosi?

Fundi_Sabasaba
Saa mbili asubuhi nipo. Njoo na njuga zako, zangu zimeisha.